Kundi si Gereza? Basi Likelemba Nayo Iachwe Wazi

Jioni umeme ukikatika katika Katuba, barza zinajaa. Watu wanatoa viti nje, wanangoja, na mazungumzo yanatafuta pa kushika. Juzi yalinishika mimi. Mzee mmoja, jirani ninayemheshimu, aliniuliza kama ni kweli kwamba katika kundi letu la WhatsApp la betri na paneli za jua mtu akituma “Bonjuru, familia” na picha ya maua, ujumbe unafutwa. Nikasema ndiyo. Akacheka kwa huruma, kama anayemcheka mtoto aliyevaa kofia ya askari. “Mwanangu,” akasema, “kundi si gereza.” Barza nzima ikaitikia.

Nimelisikia neno hilo Kampemba, nimelisikia Ruashi, na nimelisikia kutoka kwa watu wenye elimu ambao sikuwategemea. Kwa hiyo nalijibu hapa, mwanga ukiwepo.

Kwanza nilitendee haki, kwa sababu si neno la kipumbavu. Wanaolisema wanasema hivi: sisi ni watu wazima, hatuhitaji kufundishwa kusema. Mtu akileta lisilohusu, wengine watalipita tu, kama mtu anavyopita kelele za soko. Sheria huwa silaha ya aliyeitunga. Na wazee wanaongeza jambo zito zaidi: wao waliishi miaka ya chama kimoja, kabla ya Aprili 1990, wakati neno moja mbele ya mtu asiyefaa lingeweza kumpoteza baba wa watoto. Walinyamazishwa vya kutosha. Leo kijana mwenye simu anawaambia “siyo hapa”, nao wanasikia sauti wanayoikumbuka.

Hoja hiyo ina uzito. Ina kasoro pia, tena si moja.

1. Wanaochukia sheria wanazo mfukoni

Mzee aliyeniambia kundi si gereza yumo katika likelemba. Watu kumi na wawili, kila mwisho wa mwezi kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na mmoja anachukua vyote kwa zamu iliyopangwa tangu mwanzo. Jaribu kumwambia kwamba mwezi huu utaleta nusu, kwa kuwa sote ni watu wazima. Jaribu kumwambia kwamba unataka kuruka zamu, au kwamba umemleta shemeji yako ambaye hamjui, aanze kupokea kesho. Utaona gereza.

Likelemba ina sheria tatu: kiasi, siku, zamu. Hazikuandikwa popote, lakini hakuna asiyezijua, na hakuna anayeziita udikteta. Zinakubalika kwa sababu kila mtu anaona kinacholindwa: fedha zake. Basi wanapokataa sheria katika kundi la mazungumzo hawatetei uhuru. Wanasema tu, bila kujua, kwamba kinachowekwa mle ndani hakina thamani ya kulindwa. Saa ya mtu si fedha, jibu la fundi aliyepima si fedha, kwa hiyo yeyote na avichukue apendavyo.

Funzo la likelemba ni zuri kwa anayeanzisha kundi lolote. Kabla ya sheria, jiulize watu wanaweka nini katikati. Kwetu ni swali moja: mfumo wa jua wa nyumbani kwangu haufanyi ninachotaka, nifanye nini? Si nishati kwa jumla, si maendeleo ya Katanga. Mwenye swali hilo ni mwenzetu, asiye nalo si adui, ila hana zamu.

2. “Asiyependa apite tu”: na nani analipa nauli?

Hoja ya kupita kelele ingekuwa nzuri kama kelele zingekuwa bure. Miaka ya mwanzo kundi letu lilikuwa wazi kama uwanja wa mpira, na lilifikia watu 240. Mtu mmoja akatuma video ya mahubiri ya mega 15. Tuseme nusu tu ya watu waliifungua: hiyo ni mega 1,800 zilizotoka mifukoni mwa majirani, katika mji ambao watu wengi wananunua mega za siku moja moja. Aliyetuma alilipa zake 15 na akapewa “Amina” nyingi. Huo ndio uhuru usio na gharama: gharama ipo, imehamishiwa kwa mwingine.

Lakini mega ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni jibu lililozikwa. Niseme kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu ndicho kilichonibadilisha.

Mama mmoja wa Ruashi aliandika: “Betri yangu mpya imekufa, fundi ameniibia.” Alipata majibu kwa makumi. Mmoja alimwambia aongeze asidi. Mwingine alimwambia betri za siku hizi zote ni bandia. Watatu walimwambia awaandikie pembeni, nao kwa bahati njema walikuwa wanauza betri. Mtu akataja duka kwa jina, mwingine akasema la, ni duka lingine, na kufika usiku watu wawili walikuwa wakitukaniana asili zao. Mama akanunua betri ya pili. Baada ya mwezi ikafanya vilevile.

Tulipoweka sheria, alirudi na swali lilelile, ila safari hii ilimbidi alete mambo manne: una vifaa gani, unavitumia kwa nini na kwa saa ngapi, umepima nini, na tatizo lilianza lini. Akajibu: betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, paneli moja ya wati 100. Televisheni ya wati 60 kwa saa tano za jioni, taa tatu za wati 9 kwa saa hizohizo. Asubuhi kabla ya jua, kila kitu kikiwa kimezimwa, multimeta ya jirani ilionyesha 11.9. Wiki ya kwanza kila kitu kilikuwa kizuri, kisha ikaanza kuzimika. Ilikuwa Januari.

Mwenye kujua kazi anaona jibu kabla ya kumaliza kusoma. Televisheni inakula wati-saa 300, taa 135, jumla 435 kila siku. Paneli ya wati 100 katika masika yetu, mawingu yanapokaa tangu Novemba hadi Machi, tukiihesabia saa nne za jua kamili, inatoa 400, na baada ya kupotea njiani na ndani ya betri zinabaki kama 300. Kila siku mama anakopa 135. Betri yake ikijaa ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu, basi ya kutumia ni 600. Gawanya 600 kwa 135: siku ya tano deni limefika. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.7, ikiwa nusu karibu 12.2. Hiyo 11.9 ilikuwa ya betri yenye njaa. Na betri ikiachwa na njaa majuma mengi hufa kweli, ndiyo maana ya pili ilifuata njia ya kwanza.

Fundi hakuiba. Kosa lake, kama analo, lilikuwa kutouliza televisheni inawashwa saa ngapi. Mama aliambiwa apunguze televisheni iwe saa mbili, ili matumizi yashuke hadi 255, au aongeze paneli ya pili. Majibu yalikuwa matatu, kwa robo saa. Wenye majibu hayo walikuwemo tangu mwanzo, hata usiku ule wa matusi. Walikuwa wamenyamaza. Waliniambia baadaye kwamba walikuwa wamezima sauti ya kundi zamani.

Basi “apite tu” maana yake ni hii: wanaopita ni wanaojua, kwa sababu ndio wenye kazi ya kufanya. Wanaobaki ni wenye muda.

3. “Sisi ni familia”

Hoja hii ndiyo ngumu kuijibu bila kuonekana mtu mbaya, na wanaoitumia wanajua hivyo.

Nianze na kilio. Mwenzetu akifiwa na mama yake, kundi lililo wazi linajaa “pole sana” tisini, mikono ya kuombea na mishumaa. Nani atathubutu kufuta rambirambi? Mimi mwenyewe sikuthubutu kwa muda mrefu. Hadi siku moja nilipokwenda kwenye kilio cha mwenzetu mmoja, usiku wa pili, nikakuta kutoka kundini tuko wanne. Wale tisini walikuwa wamekwisha kulia kwa kidole gumba.

Sasa tunafanya hivi. Msimamizi anatoa tangazo moja: nani amefiwa, kilio kiko wapi, mazishi lini, na nani anapokea mchango. Anayetaka kuchangia anaingia katika kundi dogo la muda, ambalo linavunjwa baada ya mazishi na hesabu kusomwa. Kundi la betri linabaki la betri. Mfiwa anapata watu na fedha badala ya mishumaa ya kuchorwa. Mkiniambia hiyo ni roho ya jiwe, nitauliza tu: ninyi mlikuwa wapi usiku wa pili?

Kisha siasa na makabila. Wanasema familia huzungumza yote. Lakini mji huu unajua neno la mdomo linaweza kufika wapi. Miaka ya 1992 na 1993, mara tu uhuru wa kusema uliporudi, kulikuwa na waliowaita majirani zao wenye asili ya Kasai “bilulu”, wadudu, hadharani, na maneno yakawa mikono. Watu walifukuzwa nyumbani, maelfu wakalala katika stesheni ya Likasi wakingoja treni. Simaanishi kwamba kundi la betri litaleta balaa lile. Nasema kwamba wazee wanaokumbuka miaka ya kunyamazishwa wasisahau miaka iliyofuata. Katika kundi letu mna watu wa kila asili, na wanakaa pamoja kwa sababu moja: huko volti ni volti tu. Siku tutakapoanza kujadili nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, tutapoteza nusu ya mafundi wetu, na giza halitauliza mtu kabila.

Kuna na sheria ya nchi. Tangu Machi 2023 tuna Sheria ya Dijitali, na haimgusi tu anayeanzisha habari ya uongo dhidi ya mtu katika mitandao, inamgusa na anayeisambaza. Kwa hiyo kwetu hakuna kumtaja fundi wala duka kwa jina la wizi. Eleza kifaa, eleza kipimo. Kama kweli uliibiwa, namba zitaonyesha, na utazipeleka mahali panapohusika.

4. “Pasipo sheria hapana bosi”

Huu ndio uongo mtamu kuliko yote. Mwaka 1970 mwanamke wa Kimarekani, Jo Freeman, aliwaambia wenzake wa harakati za wanawake jambo ambalo hawakupenda kulisikia: kundi linalojisifu kwamba halina muundo lina muundo tayari, ila umefichwa, na ukifichwa hakuna anayeweza kuwauliza walio juu. Wanaotawala ni marafiki wanaojuana, wenye muda na wenye sauti.

Hakuna haja ya kwenda Marekani kuhakikisha. Katika kundi letu la zamani, lile la wazi, bosi alikuwepo. Alikuwa muuzaji mmoja mwenye sauti nzuri, aliyetuma ujumbe wa sauti wa dakika saba kila asubuhi. Hakuchaguliwa na mtu. Kila swali lilipita kwake, na kwa namna ya ajabu kila tatizo lilikuwa na dawa moja, nayo ilikuwa kwenye rafu yake. Ungemwondoaje? Hakukuwa na sheria aliyoivunja.

Sasa ana sheria, naye anaiheshimu kuliko wengi: bidhaa ni Jumamosi tu, bei iandikwe wazi, hakuna “niandikie pembeni”. Na siku yoyote akijibu swali, kama mtu mwingine yeyote, lazima aseme amejuaje: nimepima, nimeona kwangu, au nimesikia. Maneno matatu tu. Hujui yanavyopunguza maneno mengine. Mtu anayelazimika kuandika “nimesikia” mbele ya ushauri wake mara nyingi anaufuta mwenyewe kabla ya kuutuma.

Nasi wasimamizi tuna bosi. Tuko watatu, na hakuna anayeruhusiwa kuamua ugomvi unaomhusu. Nilijifunza kwa aibu. Fundi mmoja alinisahihisha mbele ya watu juu ya unene wa waya, nami, kwa hasira, nikaufuta ujumbe wake nikisema hauhusu. Ulihusu, na alikuwa sahihi. Wenzangu wawili waliurudisha, wakaandika kwamba nimekosea, na kwa wiki moja nikawa mwanachama wa kawaida. Kundi lisilo na sheria lisingekuwa na njia ya kunishusha.

5. Sasa ninyi wa komite

Wasomaji wengine wameanza kufurahi. Wanasema: ndiyo, sheria! Tuweke rais, makamu, katibu, mweka hazina, washauri wawili, na katiba ya vifungu ishirini na saba. Nawajua. Mji huu hauna upungufu wa marais. Tuna vyama ambavyo komite ni kubwa kuliko wanachama, na ambavyo kikao cha kwanza kilijadili muhuri na cha pili hakikufanyika.

Katiba ndefu na uwanja wazi ni ndugu. Katika uwanja wazi hakuna anayejua kilichokatazwa. Katika vifungu ishirini na saba pia hakuna anayejua, ila katibu, na katibu anavikumbuka siku anapokuwa na adui. Sheria ambayo mwanachama hawezi kuitaja akiwa amesimama kwenye foleni ya basi si sheria, ni mtego.

Zetu ni nne, na mgeni anazisoma kabla ya kukubaliwa: swali lije na mambo manne, jibu liseme limejulikanaje, biashara ni Jumamosi, yasiyo ya betri yana mahali pengine. Kisha anatuambia ana betri gani nyumbani. Asiyejibu hatumwingizi. Tulipowauliza wale 240 swali hilohilo, wengi hawakujibu kamwe, na tukawatoa. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 katika kundi moja, na kuna wanaodhani kwamba chumba kikubwa ni lazima kijazwe. Nyumba ya ghala haigeuki familia kwa kujazwa magunia.

6. “Mtafukuza watu”

Tutafukuza, ndiyo, lakini polepole. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizotunza maji, misitu na uvuvi wao wenyewe kwa vizazi, akakuta kwamba mara nyingi hazikuanza na adhabu kubwa. Zilianza na ndogo, na kupanda ngazi kwa anayerudia. Bibi zetu wangemwambia hayo bila tuzo, lakini ni vizuri kwamba ameyaandika.

Ngazi yetu ya kwanza ni ujumbe wa faragha: “Baba, hili la Jumamosi.” Watu wengi huishia hapo, na hakuna aliyeaibika. Ya pili ni kufuta, na sababu ikaandikwa kwa sentensi moja ambayo kila mtu anaiona. Ya tatu ni kutoka siku saba. Hapa chombo chenyewe kina upungufu: msimamizi anaweza kuwanyamazisha wote ili waandike wasimamizi tu, lakini hawezi kumnyamazisha mtu mmoja, inabidi umtoe kabisa, kisha umrudishe. Ndiyo maana tunaandika tarehe ya kurudi siku ileile ya kumtoa, na kurudisha ni kazi yetu, si ombi lake. Aliyeachwa nje bila tarehe amefungwa kweli, na hapo mzee wangu atakuwa na haki ya kusema gereza.

Na tunajuaje kwamba haya yanafaa? Si kwa wingi wa ujumbe, kwa kuwa usiku ule wa matusi ndio uliokuwa na ujumbe mwingi kuliko yote. Kila Jumapili tunahesabu mambo mawili. Kwanza, maswali mangapi yamefungwa, maana yake mwenye swali alirudi kusema alichofanya na kilichotokea. Pili, nani aliyajibu. Zikipita wiki tatu na wanaojibu ni sisi watatu tu, basi hatuna kundi, tuna zahanati, na kosa ni letu: tumekuwa wepesi kujibu kiasi kwamba wengine wameacha. Wiki inayofuata sisi tunanyamaza hadi jioni.

Nilimweleza mzee haya yote pale barzani, kwa ufupi kuliko hapa. Hakunikubalia, na sikutegemea. Aliniuliza tu kama yule mama wa Ruashi sasa anaona televisheni. Nikamwambia anaona, saa mbili kila jioni, na anaweka akiba ya paneli ya pili katika likelemba. Zamu yake ni ya tisa.

“Na asijaribu kuruka,” mzee akasema.